Salio la mwezi halinakiliwi, huthibitishwa

Muhtasari wa fedha unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji hauwezi kuwa bora kuliko ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa mkono na kuuzaa, lakini unaweza kuwa mbovu kuliko ukurasa huo, kwa sababu kati ya daftari na ubao kuna kazi ambayo watu wengi huiona kuwa ni kunakili tu. Kazi hiyo ni kuuchambua ukurasa wenye mapokezi na malipo ya kila siku, kuyapanga kwa aina zake, kisha kutoa jumla za mwezi na salio la kufungia, yaani kiasi kilichobaki siku ya mwisho na ambacho ndicho kitakachoufungua mwezi unaofuata. Makala haya yanatetea msimamo mmoja: salio la kufungia lisikubaliwe kwa sababu tu limeandikwa chini ya ukurasa, bali likokotolewe upya kutoka katika kila mstari, lilinganishwe na fedha zilizopo kweli, na tofauti yoyote itakayobaki itajwe wazi badala ya kufichwa.

Mfano unaofaa kwa mjadala huu ni vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii nchini Tanzania, vinavyotambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, sheria ileile iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA. Chombo cha namna hiyo hukusanya fedha kidogo kidogo kutoka vituo vya kuchotea maji na kutoka kaya zilizounganishwa na bomba, kisha hununua dizeli, hulipa mlinzi na hutengeneza pampu. Fedha zake ni za watu wanaojuana, na kila ndoo imelipiwa na mtu ambaye kesho yake atapita mbele ya ubao huo. Tarakimu zinazofuata zimetungwa kwa ajili ya maelezo, ila mpangilio wake ni ule unaokutwa katika madaftari ya aina hiyo.

Ukurasa na pande zake mbili

Daftari la fedha lina pande mbili. Upande wa kushoto huandikwa mapokezi, yaani fedha zote zilizoingia, na upande wa kulia huandikwa malipo, yaani fedha zote zilizotoka. Kila upande una safu ya tarehe, ya maelezo, ya namba ya hati, ya fedha taslimu na ya benki. Hati ya upande wa kushoto ni stakabadhi aliyopewa mlipaji, na hati ya upande wa kulia ni vocha, yaani hati ya malipo iliyoidhinishwa na kusainiwa na aliyepokea. Kuwapo kwa safu mbili za fedha, moja ya taslimu na nyingine ya benki, kunalifanya daftari moja kuwa kumbukumbu ya mahali pawili, yaani kasiki iliyo ofisini na akaunti iliyo benki, na makosa makubwa ya muhtasari huzaliwa pale msomaji anaposahau kwamba mahali hapo pawili ni pa mwenye fedha mmoja.

Katika ukurasa wa mfano, Septemba inafunguliwa kwa salio la kuanzia la shilingi 186,500 taslimu na 2,340,000 benki. Mapokezi ya taslimu yamo katika stakabadhi nane zenye namba 0411 hadi 0418. Mauzo ya maji katika kituo cha Sokoni ni 64,000 tarehe 2, 58,500 tarehe 12 na 69,500 tarehe 28, na katika kituo cha Shuleni ni 71,000 tarehe 9 na 63,000 tarehe 20. Ada za kaya zilizounganishwa ni 127,500 tarehe 5 na 142,000 tarehe 24, na ada ya maunganisho mapya ni 150,000 tarehe 16. Upande wa malipo una dizeli ya 90,000 iliyonunuliwa mara mbili, posho ya mlinzi 60,000, vali na vipande vya bomba 47,500, nauli ya kwenda wilayani 18,000, na karatasi pamoja na vitabu vya stakabadhi 12,500. Upande huohuo, katika safu ya taslimu, kuna mistari miwili yenye maneno "imepelekwa benki", mmoja wa 150,000 na mwingine wa 200,000, na kila mmoja una mwenzake upande wa kushoto katika safu ya benki. Mwisho, tarehe 25, safu ya benki upande wa malipo inaonyesha hundi ya 420,000 aliyoandikiwa fundi wa pampu.

Mtu mwenye haraka hujumlisha kila safu na kuzipeleka jumla hizo moja kwa moja kwenye muhtasari. Safu ya taslimu upande wa kushoto, pamoja na salio la kuanzia, inatoa 932,000, na safu ya benki inatoa 2,690,000, hivyo kijiji kinatangaziwa kwamba mapato ya Septemba ni shilingi 3,622,000. Hakuna hata shilingi moja iliyojumlishwa vibaya katika hesabu hiyo, na hata hivyo tangazo lake ni la uongo, kwa kuwa fedha zilizopokewa mwezi huo kutoka kwa watumiaji wa maji ni 745,500 tu.

Tofauti hiyo inatokana na mambo mawili. La kwanza ni salio la kuanzia, ambalo si mapato ya Septemba bali ni mabaki ya Agosti na miezi iliyotangulia, kwa hiyo hukaa katika mstari wake peke yake juu ya muhtasari na kamwe halichanganywi na makusanyo. La pili ni mistari ile ya "imepelekwa benki", ambayo wahasibu huiita kontra, yaani uhamisho wa ndani: fedha zimetoka kasikini zikaingia katika akaunti ya chombo hichohicho, hivyo jamii haikupata wala haikutumia chochote. Kontra ni lazima ionekane ndani ya daftari, kwa sababu bila hiyo salio la kasiki na salio la benki yatakuwa si sahihi, lakini haina nafasi katika jumla ya mapato wala katika jumla ya matumizi. Anayeihesabu upande mmoja huongeza mapato yasiyokuwapo, anayeihesabu upande wa pili huongeza matumizi yasiyokuwapo, na anayeihesabu pande zote mbili hupata salio sahihi lililozungukwa na jumla zilizovimba. Hali hii ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu usahihi wa salio humfanya kila mmoja aamini kwamba na jumla zake ni sahihi.

Kunakili mstari kwa mstari

Kwa sababu hizo, hatua ya kwanza ya muhtasari ulio salama ni kunakili na wala si kujumlisha. Kila mstari wa ukurasa unahamishwa kwenye jedwali la karatasi au la kompyuta kama ulivyo, kwa mpangilio uleule, pamoja na namba ya hati yake, na kuongezewa safu moja tu ambayo daftari halina, nayo ni ya kasma, yaani fungu ambalo mapokezi au malipo hayo yanaangukia. Kasma za chombo cha maji hazihitaji kuwa nyingi: mauzo ya vituoni, ada za kaya, maunganisho mapya, nishati, ulinzi, matengenezo, uendeshaji wa ofisi na makato ya benki zinatosha, na uhamisho wa ndani unapewa alama yake wenyewe ili uweze kutengwa. Salio la kuanzia nalo linawekwa juu ya jedwali, nje ya mistari ya mwezi. Faida ya kufanya hivi ni kwamba jumla yoyote itakayotokea baadaye inaweza kurudishwa hadi kwenye mistari iliyoizaa. Iwapo jedwali liko kwenye kompyuta, kasma zikiwa katika safu ya D na fedha zilizoingia katika safu ya E, jumla ya fungu moja hupatikana kwa fomula fupi:

```
=SUMIFS(E:E,D:D,"Mauzo vituoni")
```

Fomula hiyo haijui kusoma mwandiko, kwa hiyo usahihi wake wote unategemea uangalifu wa aliyenakili. Mwandiko wa madaftari ya fedha una mitego inayojulikana. Tarakimu 1 na 7 hufanana pale 7 isipokatwa katikati, 3 na 8 huchanganywa wino unapovuja, na 0 hugeuka 6 mkono ukichelewa kuinuka. Alama ya shilingi inayofuata tarakimu, ile inayoandikwa /=, ina mtego wake: mwandishi akiacha koma za maelfu na kuusimamisha mkwaju, 64000/= inaweza kusomwa 640001, na mauzo ya siku yakakua mara kumi. Alama za "kama juu" chini ya neno au tarehe nazo zinapaswa kujazwa maneno kamili wakati wa kunakili, kwa sababu mistari ikishapangwa upya kwa kasma, kilichokuwa juu hakipo tena juu. Na pale tarakimu ilipokatwa kwa mstari mmoja, ikaandikwa nyingine juu yake na kutiwa saini fupi, inayonakiliwa ni ile mpya, lakini safu ya maelezo inataja kwamba kulikuwa na marekebisho.

Mtego mwingine uko chini ya ukurasa. Mwezi wenye miamala mingi hujaza ukurasa zaidi ya mmoja, na mwandishi huandika jumla ya ukurasa wa kwanza chini kwa maneno "imepelekwa mbele", kisha huirudia juu ya ukurasa wa pili kwa maneno "imeletwa". Mistari hiyo miwili ni daraja la kuunganisha kurasa na si muamala, hivyo anayeinakili pamoja na mistari mingine huzihesabu fedha za ukurasa wa kwanza mara mbili au hata mara tatu.

Palipo na tarakimu isiyosomeka, kanuni inapaswa kuwa kali: isikisiwe ili salio likubali. Inawekewa alama ya kuuliza, kisha inatafutwa katika nakala ya stakabadhi au katika vocha, ambazo ziliandikwa siku ya tukio lenyewe na mara nyingi hutaja kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Salio la chini ya ukurasa linaweza kutumika baadaye kuthibitisha usomaji huo, lakini halifai kuwa chanzo chake, kwa kuwa tarakimu iliyochaguliwa ili salio likubali haiwezi tena kutumika kama ushahidi kwamba salio ni sahihi.

Salio linapokataa

Baada ya kunakili, hesabu yenyewe ni nyepesi. Salio la kuanzia linajumlishwa na mapokezi, kisha malipo yanatolewa, na hesabu hiyo inafanywa kwa taslimu peke yake na kwa benki peke yake, ambapo uhamisho wa ndani unahesabiwa kwa kuwa kila safu ni mahali pake. Kwa taslimu, 186,500 ikijumlishwa na 745,500 inatoa 932,000. Malipo ya taslimu ni 318,000 ya matumizi na 350,000 iliyopelekwa benki, jumla 668,000, hivyo kasiki inapaswa kuwa na 264,000. Mweka hazina naye aliandika 264,000 chini ya ukurasa wake.

Ichukuliwe sasa kwamba jedwali la aliyenakili linatoa 309,000 badala ya 264,000. Kishawishi cha kwanza ni kuurudia ukurasa wote kuanzia juu, na kishawishi kibaya zaidi ni kuongeza mstari wa malipo wa 45,000 wenye maelezo ya jumla kama "mengineyo" ili hesabu ikae sawa. Wachunguzi wa hesabu wanayo njia ya tatu, nayo ni kuihoji tofauti yenyewe kabla ya kugusa mstari wowote.

Swali la kwanza ni kama tofauti hiyo ni sawa na kiasi kilichomo ukurasani, kwa sababu ikiwa ni hivyo kuna uwezekano kwamba mstari umerukwa au umerudiwa. Hakuna mstari wa 45,000. Swali la pili ni kama nusu yake, yaani 22,500, imo ukurasani, kwa sababu kiasi kilichowekwa upande usio wake huharibu salio kwa mara mbili ya thamani yake. Hakuna mstari wa 22,500. Swali la tatu ni kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, kwa sababu tarakimu mbili zilizo jirani zinapobadilishana nafasi, tofauti inayotokea huwa daima ni kigawe cha 9. Tofauti ya 45,000 ikigawanywa kwa 9 inatoa 5,000, na jibu hilo linasema mambo mawili kwa mpigo: tarakimu zilizobadilishana zinatofautiana kwa 5, na ziko katika nafasi za maelfu na makumi elfu.

Sasa jedwali linapitiwa kwa jicho jingine, likitafutwa pokezi lililosomwa kuwa kubwa mno au malipo yaliyosomwa kuwa madogo mno, lenye jozi ya namna hiyo. Wanaofaa ni wawili tu. Mmoja ni ada za kaya za tarehe 5, ambazo jedwali linazionyesha kuwa 172,500, ambapo 7 na 2 zinatofautiana kwa 5. Mwingine ni ada ya maunganisho ya tarehe 16, yaani 150,000, ambapo 5 na 0 nazo zinatofautiana kwa 5, kwa hiyo inawezekana daftari linasema 105,000. Badala ya kuifunua hati ya kila mstari, zinafunuliwa stakabadhi mbili, namba 0412 na namba 0415. Ya pili inathibitisha 150,000, na ya kwanza inasomeka 127,500. Aliyenakili aligeuza 27 kuwa 72, na kosa limepatikana mahali lilipotokea.

Vipimo hivi vina mipaka, na anayevitumia anapaswa kuijua. Nauli ya 18,000 ikiwekwa kimakosa upande wa mapokezi, salio litazidi kwa 36,000, na 36,000 nayo inagawanyika kwa 9, kwa hiyo kipimo cha tatu peke yake kingempeleka msomaji kutafuta tarakimu zilizogeuzwa wakati kosa ni la upande. Ndiyo maana maswali huulizwa kwa mfululizo, na ndiyo maana jibu la mwisho hutolewa na hati, huku gawio likibaki kuwa kielekezi tu. Aidha, makosa mawili yakitokea katika mwezi mmoja tofauti zake huchanganyika na vipimo vyote vinaweza kunyamaza, na hapo haibaki njia nyingine ila kulinganisha mstari kwa mstari, kazi ambayo hufanyika vizuri zaidi watu wawili wanapokaa pamoja, mmoja akisoma daftari kwa sauti na mwingine akitia alama kwenye jedwali.

Mambo ambayo salio haliyaoni

Hata salio lililokubali halijamaliza kazi, kwa kuwa mpaka hapa daftari limelinganishwa na daftari lenyewe. Uthibitisho wa pili ni fedha halisi. Kasiki inafunguliwa mbele ya mweka hazina na mjumbe mwingine, noti na sarafu zinahesabiwa kwa aina yake, na orodha hiyo inasainiwa na wote wawili: noti 21 za 10,000, noti nane za 5,000, noti nne za 2,000, noti tano za 1,000 na sarafu mbili za 500 zinatimiza 264,000. Hesabu hii ifanyike siku ya mwisho ya mwezi baada ya muamala wa mwisho, kwa sababu ikicheleweshwa hadi tarehe 4 ya mwezi unaofuata kutakuwa na mapokezi na malipo mapya ya kuongeza na kutoa, na kila nyongeza ni nafasi ya maelezo marefu.

Kwa upande wa benki, daftari linaonyesha 2,340,000 ikijumlishwa na 350,000 na kutolewa 420,000, yaani 2,270,000, lakini taarifa ya benki inaonyesha 2,680,500. Pengo la 410,500 linaweza kumtisha mjumbe asiyezoea, na kumbe lina maelezo mawili tu. Hundi ya fundi ya 420,000 imeshaandikwa daftarini lakini fundi hajaipeleka benki, hivyo inatolewa kwenye taarifa ya benki na kubaki 2,260,500. Nayo benki imekata 9,500 ya huduma zake, ambayo mweka hazina asingeweza kuijua kabla ya kuipata taarifa, hivyo inaandikwa daftarini kama matumizi na kuliteremsha salio la daftari hadi 2,260,500 vilevile. Kazi hii huitwa usuluhishi wa benki, na muhtasari uliotolewa bila hiyo hutangaza salio la benki ambalo halipo.

Sasa muhtasari unaweza kuandikwa kwa mistari michache ambayo mtu yeyote ataifuata. Mwezi ulianza na 2,526,500, taslimu na benki kwa pamoja. Kilipokewa kiasi cha 745,500, kati yake 326,000 ikitoka vituoni, 269,500 kwenye ada za kaya na 150,000 kwenye maunganisho mapya. Zilitumika 747,500, na humo fundi wa pampu pamoja na vipuri vilichukua 467,500, dizeli 180,000, mlinzi 60,000, nauli na vifaa vya ofisi 30,500, na makato ya benki 9,500. Mwezi ulifungwa na 2,524,500, ambapo 264,000 iko kasikini na 2,260,500 iko benki. Kinyume kabisa na tangazo la milioni tatu na zaidi, kijiji sasa kinaona kwamba matumizi ya Septemba yalizidi mapato kwa shilingi 2,000, na kwamba matengenezo ya pampu ndiyo yaliyosababisha hali hiyo. Mkutano unaopanga bei ya ndoo unaihitaji taarifa hii, na jumla zilizovimba zingeificha.

Ipo hata hivyo hila ambayo salio haliioni kabisa, nayo ni fedha iliyopokewa bila kuandikwa. Iwapo mauzo ya tarehe 12 yasingeingizwa daftarini na fedha zake zisingefika kasikini, hesabu yote ingekubali, kasiki ingelingana na benki ingelingana. Kinachoweza kuifichua hila hiyo ni mfululizo wa namba za stakabadhi, kwa sababu ukurasa ungetoka 0413 na kurukia 0415, na pengo hilo lingedai kuonyeshwa stakabadhi namba 0414, ama ikiwa imefutwa huku nakala zake zote zikiwa bado kitabuni, ama ikiwa imetumika. Ndiyo sababu safu ya namba ya hati, ambayo wengi huiacha wanaponakili ili kuokoa muda, ina uzito sawa na safu ya fedha. Na iwapo mlipaji hakupewa stakabadhi tangu mwanzo, hata mfululizo hautasema kitu. Hapo hubaki dira ya maji ya kituo, ambayo usomaji wake wa mwanzo na wa mwisho wa mwezi hutoa ujazo uliopita, na ujazo huo ukizidishwa kwa bei huonyesha makusanyo yaliyotarajiwa kabla ya kuondoa upotevu wa kawaida.

Kuna hoja kwamba utaratibu huu ni mzito kwa mweka hazina anayefanya kazi ya kujitolea na mwenye shamba lake la kulima. Hoja hiyo ina ukweli kwa mtu anayesubiri mwezi mzima kabla ya kuligusa daftari, lakini ukurasa wa mfano una mistari 17 tu ya miamala, ukihesabu kila kontra kuwa mstari mmoja, na kuinakili jioni ya kila Jumamosi ni kazi ya mistari minne au mitano. Mzigo halisi huja pale mwezi unapofungwa kwa salio lililolazimishwa, kwa sababu mstari wa "mengineyo" wa 45,000 uliobuniwa Septemba utayavimbisha mapato na matumizi ya mwezi huo kwa kiasi hicho huku salio likionekana sahihi, ada za kaya hazitalingana na stakabadhi zake, na miezi kadhaa baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo chake kilikuwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tofauti iliyoandikwa waziwazi kuwa haijapatikana chanzo chake, pamoja na tarehe na saini, ni heshima kwa mweka hazina na ni njia kwa mchunguzi atakayefuata, ilhali tofauti iliyozibwa huwaingiza wote wawili katika mashaka.

Kamati ya maji inayobandika muhtasari wake ubaoni ibandike pembeni yake orodha ya kuhesabia kasiki, usuluhishi wa benki, na namba ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho ya mwezi huo, na ilitunze daftari la asili mahali ambapo mwanakijiji anaweza kuliomba na kulisoma. Naye mwanakijiji anayesimama mbele ya ubao aanze kwa kulinganisha salio la kuanzia la mwezi huu na salio la kufungia la mwezi uliopita. Yakitofautiana hata kwa shilingi moja, ana haki ya kuuliza kabla ya kusoma mstari wa pili.